Kitunguu saumu, kolesteroli na presha: Majaribio yalibaini nini?

KITUNGUU saumu, au thomu kama wakiitavyo wenyeji wa Pwani, hakikosi kutajwa penye mazungumzo ya presha na kolesteroli. Mtu aliyetoka kupimwa na kuambiwa kwamba vipimo vyake vimepanda hushauriwa na jirani atafune punje mbili kila alfajiri kabla ya kutia kitu kingine kinywani. Katika maduka ya dawa mijini, kitunguu hicho hicho huuzwa kikiwa vidonge ndani ya chupa, tena kwa bei isiyokaribiana hata kidogo na ile ya sokoni.

Maswali yaliyomo humu ni mawili, ingawa watu wengi huyachukua kuwa moja. La kwanza ni iwapo kitunguu saumu hupunguza kolesteroli, yale mafuta yanayojijenga katika kuta za mishipa ya damu. La pili ni iwapo hushusha shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu huisukumia mishipa hiyo. Majaribio ya kitabibu yaliyofanywa kwa zaidi ya miaka 30 yameyapa maswali hayo majibu yanayotofautiana. Aidha, yamebainisha kwamba punje mbichi na dondoo iliyokomazwa viwandani si kitu kimoja, japo zote zimetokana na mmea mmoja.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa hapa nchini. Utafiti wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Mgonjwa akiacha vidonge vya hospitali kwa kuamini kwamba punje za thomu zinatosha, hahisi maumivu yoyote ya kumwonya. Onyo lake la kwanza laweza kuwa kiharusi.

Yaliyomo ndani ya punje

Punje nzima ya kitunguu saumu haina harufu kali. Ndani yake mna kemikali iitwayo aliini, na mahali pengine katika punje hiyo hiyo mna kimeng'enya kiitwacho alinesi. Viwili hivi hukaa mbalimbali kama majirani waliotenganishwa na ukuta. Kisu au meno yanapoupasua ukuta huo, hukutana, na kwa muda wa sekunde chache hutengeneza kemikali ya tatu: alisini. Hiyo ndiyo yenye harufu na ukali tunaoujua. Chester Cavallito na John Hays Bailey, wanakemia wa Marekani, ndio walioitenga kwa mara ya kwanza na kuieleza mwaka wa 1944.

Alisini haidumu. Baada ya kuzaliwa huanza kuvunjika na kugeuka kuwa kemikali nyingine za salfa. Kadhalika, kimeng'enya kinachoizaa huuawa na moto. Punje nzima ikitupwa katika mafuta yanayochemka, alinesi hufa kabla ya kukutana na aliini, na mpishi hubakia na ladha tamu isiyo na alisini. Ndiyo sababu wanasayansi hushauri kwamba anayetaka alisini akiponde kitunguu, akiache kwa takriban dakika 10, kisha ndipo akipike.

Vidonge vya unga hutengenezwa kwa kukausha punje polepole bila moto mkali, ili aliini na alinesi zibakie zimelala. Zinatarajiwa kuamka zinapolowa maji tumboni. Hata hivyo, asidi ya tumbo pia hukiua kimeng'enya hicho, kwa hivyo vidonge vingi hupakwa ganda la kuvivusha salama hadi utumboni.

Dondoo iliyokomazwa hufuata njia tofauti kabisa. Punje hukatwakatwa na kulowekwa katika mchanganyiko wa maji na pombe, kisha huachwa humo kwa miezi mingi, hata kufikia 20. Kufikia mwisho wa kipindi hicho, alisini yote imekwisha kutoweka. Kinachobakia ni kemikali tulivu zinazoyeyuka katika maji, maarufu miongoni mwazo ikiwa esi-alili-sisteini. Kemikali hii haina harufu ya kukera, haiharibiki upesi na huingia katika damu bila matatizo. Hivyo basi, anayetafuna punje mbichi na anayemeza dondoo iliyokomazwa wanatumia kemikali tofauti, na matokeo ya mmoja hayawezi kuchukuliwa kuwa ushahidi kwa mwingine.

Matumaini yalivyopanda na kushuka

Kwa upande wa kolesteroli, habari za awali zilikuwa za kutia moyo. Mnamo 1993, wachambuzi wa Marekani walikusanya majaribio machache yaliyokuwa yamefanywa kufikia wakati huo, wakahitimisha kwamba kiasi cha nusu punje hadi punje moja kwa siku hupunguza kolesteroli kwa takriban asilimia tisa. Matangazo ya vidonge yaliushika ushahidi huo kwa mikono miwili.

Kisha majaribio yaliyopangwa kwa uangalifu zaidi yakaanza kutoa matokeo. Mwaka wa 1998, majaribio mawili, moja la mafuta ya kitunguu saumu nchini Ujerumani na jingine la vidonge vya unga nchini Marekani, yaliwafuata wagonjwa kwa majuma 12 na hayakuona mabadiliko yoyote ya maana. Mwaka wa 2000, wachambuzi wa Chuo Kikuu cha Exeter nchini Uingereza waliyapima majaribio 13 kwa pamoja. Wastani wa kushuka kwa kolesteroli ulikuwa umepungua hadi karibu asilimia sita. Walipoyatazama yale tu yaliyofanywa kwa ubora wa juu, na ambamo chakula cha washiriki kilidhibitiwa, tofauti baina ya kitunguu na kidonge kitupu haikuwa kubwa kiasi cha kutofautishwa na bahati nasibu.

Hapa inafaa kueleza maana ya kidonge kitupu. Ni kidonge kinachofanana na kile kinachojaribiwa kwa umbo na rangi, ila hakina dawa. Washiriki hugawanywa kwa kura, na hakuna anayejua amepewa kipi. Bila utaratibu huo, mtu aliyeambiwa kolesteroli yake iko juu hupunguza nyama ya mafuta, akaanza kutembea, akameza kitunguu, kisha akakipa kitunguu sifa zote. Isitoshe, kipimo kilichokuwa juu isivyo kawaida siku ya kwanza huelekea kushuka chenyewe kinaporudiwa.

Watetezi wa kitunguu walikuwa na hoja nzito. Mwaka wa 2001, mwanakemia Larry Lawson na wenzake walivichunguza vidonge vya unga vilivyokuwa vimetumika katika majaribio mbalimbali, wakavipitisha katika mazingira yanayofanana na ya tumbo na utumbo. Walibaini kwamba vidonge vya zamani, vilivyotumika katika majaribio yaliyofaulu, vilistahimili asidi kuliko vile vya baadaye na vilitoa alisini nyingi zaidi. Yamkini, basi, majaribio ya baadaye hayakukanusha nguvu ya kitunguu, bali yalipima vidonge visivyofanya kazi. Njia ya pekee ya kuumaliza ubishi huo ilikuwa kuwalisha watu kitunguu chenyewe, kikiwa kibichi, na kukilinganisha na vidonge katika jaribio moja.

Jaribio la Stanford

Jaribio hilo lilifanywa katika Chuo Kikuu cha Stanford, California, likiongozwa na Christopher Gardner, na matokeo yake yakachapishwa Februari 2007. Lilifadhiliwa na fedha za umma kupitia Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani. Lawson mwenyewe alishiriki akiwa mwanakemia, jambo lililohakikisha kwamba hakuna ambaye angedai tena kuwa kitunguu kilichotumika kilikuwa kimekufa.

Watafiti waliwachukua watu wazima 192 ambao kolesteroli yao mbaya, ile inayoandikwa LDL katika cheti cha maabara, ilikuwa imepanda kwa kadiri: kati ya miligramu 130 na 190 kwa desilita. Maabara nyingi za hapa nchini hutumia kipimo cha milimoli kwa lita, na kwa kipimo hicho kiwango hicho ni kati ya 3.4 na 4.9. Hawa ndio hasa watu ambao hushawishika kujaribu kitunguu kabla ya kuanza dawa.

Waligawanywa kwa kura katika makundi manne. La kwanza lilipewa kitunguu kibichi kilichopondwa, la pili vidonge vya unga, la tatu vidonge vya dondoo iliyokomazwa, na la nne halikupewa kitunguu chochote. Kiasi kilikuwa sawa na punje moja ya wastani, yaani gramu nne hivi, kwa siku sita za kila juma, kwa muda wa miezi sita.

Ugumu wa kukificha kitunguu kibichi ulitatuliwa kwa werevu. Kila mshiriki alipokea sandwichi zilizotayarishwa na watafiti pamoja na vidonge. Waliokuwa katika kundi la kitunguu kibichi walikipata ndani ya sandwichi, na vidonge vyao vilikuwa vitupu. Waliokuwa katika makundi ya vidonge walipata sandwichi zisizo na kitunguu. Kundi la nne lilipata sandwichi tupu na vidonge vitupu. Kemikali zilizomo katika kitunguu na vidonge zilipimwa tena na tena katika kipindi chote, kuthibitisha kwamba hazikupungua nguvu. Damu ya washiriki ilipimwa kila mwezi.

Baada ya miezi sita, kolesteroli mbaya ilikuwa imebadilika kwa wastani ufuatao. Kwa waliokula kitunguu kibichi iliongezeka kwa miligramu 0.4 kwa desilita. Kwa waliomeza unga iliongezeka kwa 3.2, na kwa waliomeza dondoo iliyokomazwa iliongezeka kwa 0.2. Wale ambao hawakupewa kitunguu walishuka kwa 3.9. Tofauti hizi zote ni ndogo mno na hazina maana kitakwimu. Ni mawimbi ya kawaida ya damu ya binadamu. Kolesteroli nzuri na mafuta mengine ya damu hayakubadilika pia. Hakukuwa na mwezi hata mmoja ambapo kundi lolote la kitunguu liliachana na wenzake.

Badiliko lililoonekana wazi lilikuwa jingine. Zaidi ya nusu ya waliokula kitunguu kibichi waliripoti harufu ya kinywa na ya mwili.

Jaribio hili nalo lina mipaka yake, na haifai kuivuka. Halikupima punje nne au tano kwa siku. Halikuwachukua watu wenye kolesteroli ya juu sana, wala halikuwafuata kwa miaka. Lakini kwa swali ambalo watu huuliza, yaani iwapo punje moja kwa siku itashusha kolesteroli iliyopanda kwa kadiri, jibu lake halina utata.

Ushahidi wa baadaye

Haitakuwa haki kusema kwamba mjadala ulifungwa siku hiyo. Mwaka wa 2013, mtafiti Karin Ried na wenzake wa Adelaide, Australia, waliyachambua majaribio 39. Walihitimisha kwamba kwa watu wenye kolesteroli ya juu, kitunguu kinachotumiwa kwa zaidi ya miezi miwili hupunguza kolesteroli ya jumla kwa miligramu 17 kwa desilita na ile mbaya kwa miligramu tisa. Uchambuzi wa aina hii hujumuisha majaribio ya kila sampuli, mengi yakiwa madogo, na ubora wake hauwezi kupita ubora wa majaribio yenyewe.

Hata tukiikubali hesabu hiyo kama ilivyo, tuiweke kando ya dawa. Mtu mwenye kolesteroli mbaya ya miligramu 160 akipungukiwa na tisa atafikia 151, kiwango ambacho daktari bado atakiita cha juu. Mwaka wa 2022, jaribio la Marekani lililoongozwa na Luke Laffin wa Hospitali ya Cleveland liliwagawanya watu 190 katika makundi manane. Kundi moja lilipewa dawa ya rosuvastatini kwa kiwango kidogo cha miligramu tano, jingine kidonge kitupu, na mengine sita virutubisho mbalimbali, kitunguu saumu kikiwa kimoja wapo. Kwa siku 28, dawa hiyo ilipunguza kolesteroli mbaya kwa karibu asilimia 38. Kwa mtu wetu wa 160, hiyo ni kushuka hadi takriban 99. Kundi la kitunguu halikushuka. Kwa hakika, kolesteroli yake mbaya ilipanda kidogo ikilinganishwa na ya waliopewa kidonge kitupu.

Msomaji anafaa kujua kwamba jaribio hilo lilifadhiliwa na AstraZeneca, kampuni iliyoiingiza rosuvastatini sokoni, na kwamba siku 28 ni kipindi kifupi. Hata hivyo, matokeo yake yanalandana na ya Stanford, ambayo hayakulipiwa na kampuni ya dawa.

Shinikizo la damu: hapa mambo hubadilika

Tukigeukia shinikizo la damu, tunakuta picha isiyo sawa na ya kwanza. Chembe nyekundu za damu zinaweza kuzigeuza kemikali za salfa zitokanazo na kitunguu saumu kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi kwa viwango vidogo mno, na gesi hiyo huilegeza misuli iliyo katika kuta za mishipa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alabama walilionyesha hilo katika maabara mwaka wa 2007. Mshipa ukilegea hupanuka, na damu hupita kwa nguvu ndogo. Njia hiyo haina uhusiano na kolesteroli, na ndiyo maana si ajabu kitunguu kishindwe huku na kufaulu kule.

Majaribio yanayozungumziwa zaidi ni ya Ried huko Australia, nayo yametumia dondoo iliyokomazwa. Katika la kwanza, lililochapishwa 2010, wagonjwa 50 waliokuwa tayari wakitumia dawa za presha walipewa miligramu 960 za dondoo hiyo kwa siku au vidonge vitupu, kwa majuma 12. Miongoni mwa wale ambao kipimo chao cha juu kilikuwa 140 au zaidi mwanzoni mwa utafiti, waliopata dondoo walishuka kwa takriban pointi 10 zaidi ya wenzao. Ambao presha yao ilikuwa imekwisha kudhibitiwa hawakubadilika. Kitunguu hakikuishusha presha iliyokuwa katika kiwango kizuri.

Jaribio la pili, la 2013, liliuliza kiasi gani kinatosha. Wagonjwa 79 waligawanywa wakapewa kidonge kimoja, viwili au vinne kwa siku, au vidonge vitupu. Kidonge kimoja, chenye miligramu 240, hakikuwa na tofauti na kitupu. Viwili, yaani miligramu 480 zenye miligramu 1.2 za esi-alili-sisteini, vilishusha kipimo cha juu kwa karibu pointi 12 zaidi ya vidonge vitupu. Vinne havikuzidi viwili. Matokeo yake yalikuwa hafifu zaidi. Jaribio la tatu, la 2016, lenye wagonjwa 88, lilileta wastani mdogo zaidi wa pointi tano. Watafiti walieleza kwamba karibu nusu ya waliotumia dondoo ndio walioitikia vizuri, na waliosalia hawakupata nafuu kubwa.

Uchambuzi wa Ried wa mwaka huo huo, uliojumuisha majaribio 20 ya aina mbalimbali za kitunguu, ulitoa wastani wa kushuka kwa takriban pointi tisa katika kipimo cha juu na sita katika kile cha chini kwa watu wenye presha ya juu. Hicho si kiasi cha kudharauliwa. Kinakaribia kile ambacho kidonge kimoja cha kawaida cha presha huweza kuleta.

Lakini kuna mambo matatu yanayotuzuia kushangilia. Kwanza, majaribio haya ni madogo, washiriki wakiwa makumi badala ya maelfu. Pili, kampuni ya Wakunaga inayoitengeneza dondoo hiyo ilihusika katika kuyagharimia baadhi yake. Tatu, na hili ndilo kubwa, yalipima presha pekee. Shirika la Cochrane, linalochuja ushahidi wa kitabibu, lilitafuta mwaka wa 2012 majaribio yanayoweza kuonyesha iwapo kitunguu saumu huzuia vifo, mshtuko wa moyo au kiharusi kwa wagonjwa wa presha. Lilipata mawili tu yaliyofaa, na hakuna lililoweza kulijibu swali hilo. Dawa za hospitali kwa upande wake zimejaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa kwa miaka mingi, na imethibitika kwamba hupunguza viharusi.

Je, punje mbichi? Kwa presha, majaribio yake yaliyopangwa vyema ni machache na madogo, kwa sababu ni vigumu kumficha mtu kwamba anatafuna thomu. Hivyo basi, anayetafuna punje mbichi akinukuu matokeo ya Ried anaazima ushahidi wa kitu asichokula.

Hesabu ya mgonjwa mmoja

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa kubuni mwenye kipimo cha 152 juu na 96 chini, ilhali anatumia kidonge kimoja cha amlodipini. Kiwango ambacho presha haifai kukifikia ni 140 juu ya 90. Akiongeza dondoo iliyokomazwa na kupata ule wastani wa pointi tisa na sita, atafika 143 juu ya 90. Amepiga hatua, ila bado hajatoka hatarini. Akiwa miongoni mwa wale wasioitikia, atabakia alipokuwa. Tena akiamua kuiacha amlodipini kwa kuwa sasa ana kitunguu, kile kilichoshushwa na kidonge kitarudi kupanda ndani ya siku chache, na kitunguu hakitaweza kukifidia chote.

Atajuaje kama dondoo inamsaidia? Kipimo kimoja hakitoshi, kwa kuwa presha ya mtu hupanda na kushuka mara kadhaa kwa siku moja. Akae kwa utulivu dakika tano, mgongo umeegemea kiti, nyayo zikiwa sakafuni na mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo. Apime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku saba, aache vipimo vya siku ya kwanza, kisha atafute wastani wa vilivyobakia. Afanye hivyo kabla ya kuanza, na tena baada ya majuma 12, bila kubadilisha dawa zake kati ya vipindi hivyo isipokuwa daktari ameagiza. Wastani ukishuka kwa pointi mbili au tatu pekee, huenda hakuna kilichobadilika.

Anaponunua, asome lebo. Dondoo iliyokomazwa ionyeshe kiasi cha esi-alili-sisteini, kwani maneno kitunguu saumu na miligramu pekee hayaelezi kilichomo. Vidonge vya unga huandikwa uwezo wa kutoa alisini, lakini mara nyingi uwezo huo hupimwa kwa kukisaga kidonge katika maji ya maabara, si ndani ya tumbo lenye asidi.

Madhara na tahadhari

Kitunguu saumu kinacholiwa katika mchuzi ni salama kwa watu wengi. Tahadhari inaanza kinapotumiwa kwa wingi au kwa vidonge. Kibichi huweza kuleta kiungulia, gesi na kuharisha, hasa kikiliwa na tumbo tupu. Kikipondwa na kufungwa juu ya ngozi kwa saa kadhaa, huichoma na kuacha malengelenge.

Hatari kubwa zaidi ni ya kutokwa na damu. Kitunguu hupunguza uwezo wa chembe za kugandisha damu kushikamana. Anayetumia warfarini, aspirini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda anapaswa kumweleza daktari kabla ya kuanza vidonge vya kitunguu, na anayengoja upasuaji hushauriwa aviache angalau siku saba kabla.

Jambo la mwisho linawahusu wanaotumia dawa za kudhibiti virusi vya ukimwi. Utafiti wa Taasisi za Kitaifa za Afya za Marekani uliochapishwa 2002 uliwapa watu wenye afya vidonge vya kitunguu pamoja na dawa iitwayo sakwinaviri. Kiasi cha dawa hiyo katika damu yao kilipungua kwa takriban nusu, na hakikurudi kikamilifu hata baada ya vidonge kuachwa kwa siku 10. Sakwinaviri imepitwa na dawa mpya zaidi, na matokeo hayo hayawezi kuhamishiwa kwa kila dawa. Lakini yanatosha kumfanya mgonjwa avitaje vidonge vyake vya kitunguu anapoulizwa na daktari ni dawa gani anazotumia, badala ya kuviona kuwa chakula tu.

Kwa muhtasari, anayekula kitunguu saumu kwa ajili ya kolesteroli hana ushahidi thabiti wa kumuunga mkono, kiwe kibichi, unga au dondoo. Mwenye presha ya juu anayeongeza dondoo iliyokomazwa juu ya dawa zake, kwa ridhaa ya daktari, ana ushahidi wa wastani kwamba kipimo chake chaweza kushuka kwa pointi chache. Anayeiweka dondoo hiyo au punje mbichi mahali pa dawa hana jaribio hata moja lililoonyesha kwamba atakingwa na kiharusi.